Mbu, Kondoo na Binadamu: Historia ya Homa ya Bonde la Ufa

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao ulipatikana na kupewa jina hapa kwetu Kenya, karibu miaka mia moja iliyopita. Ni Homa ya Bonde la Ufa. Wengi wetu tulisikia jina lake mwaka 1997 wakati wa mvua za El Nino, na tena mwishoni mwa mwaka 2006, nyama ilipokosa wanunuzi hadi mijini. Mvua zilipokwisha ugonjwa ukatoweka, nasi tukausahau. Swali letu la leo ni hili: unapotoweka, huwa umekwenda wapi? Na unaporudi, unaingiaje katika nyumba ya mtu?

Tuanze Naivasha, mwaka 1930. Wakati huo kulikuwa na mashamba makubwa ya kondoo kando ya ziwa. Mwezi wa Julai, katika shamba moja, wana-kondoo walianza kufa ghafla. Mwana-kondoo aliyezaliwa jana alikuwa mzima asubuhi, na kufika jioni hanyonyi, amelala, na kesho yake amekufa. Kondoo waliokuwa na mimba walizitupa, na wengine wakafa wao wenyewe. Katika muda wa majuma machache maelfu ya wanyama walikuwa wamepotea.

Wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete, Robert Daubney na J. R. Hudson, pamoja na daktari P. C. C. Garnham, walifanya uchunguzi. Walipowapasua wanyama waliokufa, waliona jambo moja kwa kila mzoga: ini lilikuwa limeharibika. Walichuja damu ya mnyama mgonjwa kwenye chujio laini sana ambalo bakteria hawawezi kupita, na bado ile damu iliyochujwa ilimwambukiza kondoo mzima. Kwa hiyo wakajua kwamba kisababishi ni kidogo kuliko bakteria, yaani ni virusi. Waliona pia kwamba watu waliowashika wale wanyama walipata homa na maumivu ya viungo.

Kisha wakafanya jambo ambalo ni muhimu sana katika hadithi yetu. Waliwatoa kondoo pale chini karibu na ziwa, wakawapandisha mahali pa juu penye baridi, ambako mbu ni wachache. Vifo vikakoma. Kondoo hawakupewa dawa yoyote. Walichokimbia ni mbu. Mwaka uliofuata, 1931, wataalamu hao waliandika matokeo yao, na ugonjwa ukaitwa kwa jina la mahali ulipopatikana, Bonde la Ufa.

Hivyo tangu mwanzo watu walijua mambo mawili: mbu anahusika, na anayemshika mnyama mgonjwa anaweza kuugua. Lakini kulibaki fumbo. Mbu huishi majuma machache tu. Kondoo anayeambukizwa ama hufa ama hupona katika muda mfupi, na akipona hana virusi tena mwilini. Basi, katika ile miaka mitano, kumi au kumi na mitano ambayo hakuna mgonjwa hata mmoja, virusi hujificha wapi?

Hapa, mama, inafaa tusimame kidogo tueleze jambo ambalo wataalamu huliita ghala la virusi. Virusi haviwezi kuishi peke yake kama mbegu ya mahindi kwenye debe. Ni lazima viwe ndani ya kiumbe hai. Kwa hiyo kila virusi vinavyotoka kwa wanyama vina kiumbe chake ambamo hukaa miaka na mikaka, mara nyingi bila kumdhuru mwenye nyumba. Huyo ndiye ghala. Binadamu si ghala. Binadamu ni mpita njia aliyegusa mlango wa ghala bila kujua.

Kuna maghala ya aina mbalimbali. Huko magharibi mwa nchi yetu, kwenye Mlima Elgon, kuna pango liitwalo Kitum, ambalo ndovu huingia usiku kulamba chumvi. Mwaka 1980 mhandisi mmoja kutoka Ufaransa, aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya, alitembelea pango hilo. Baada ya siku chache aliugua homa kali ya kutoka damu, akafia hospitalini Nairobi, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa lakini akapona. Mwaka 1987 mvulana mmoja kutoka Denmark aliyekuwa ametembelea pango lile lile alifariki kwa ugonjwa huo huo. Ulikuwa ugonjwa wa Marburg. Ilichukua miaka mingi kumpata mwenye virusi hivyo. Mwaka 2007 wachimba madini waliugua katika pango la Kitaka nchini Uganda, na watafiti walipowachunguza popo wala matunda wanaoishi humo kwa maelfu, walivikuta virusi vya Marburg vikiwa hai ndani ya popo ambao hawakuonekana wagonjwa. Popo ndiye ghala. Ukikaa mbali na pango lake na usimshike wala kumla, huna sababu ya kumwogopa.

Panya pia ni ghala. Huko Nigeria, katika mji wa Lassa, homa mpya ilijulikana mwaka 1969. Baadaye iligunduliwa kwamba virusi vyake hukaa ndani ya panya mmoja wa mashambani ambaye hupenda kuingia nyumbani kutafuta nafaka. Panya huyo hukojoa juu ya chakula na sakafu, na mtu huambukizwa kwa kula chakula hicho au kwa kumshika panya. Homa ya Lassa ni ya Afrika Magharibi, haipo hapa kwetu, lakini inatufundisha kwamba njia ya virusi inaweza kupita kwenye gunia la nafaka lisilofunikwa.

Sasa turudi kwenye Homa ya Bonde la Ufa. Watu walitafuta popo wake na panya wake, lakini jibu lililokuja katika miaka ya 1980 liliwashangaza wengi. Katika sehemu nyingi za Kenya kuna mabonde madogo, mapana na yasiyo na kina, yenye nyasi. Wakati wa kiangazi ng'ombe hulisha humo na huwezi kudhani ni mahali pa maji. Mvua kubwa ikinyesha, hujaa maji na kuwa vidimbwi vya muda. Watafiti walikwenda kwenye mabonde ya namna hiyo hapa Kenya yalipokuwa yamefurika, wakachota viluwiluwi vya mbu, wakavilea maabarani hadi vikawa mbu wakubwa. Mbu hao walikuwa hawajawahi kumuuma mnyama yeyote. Hata hivyo, baadhi yao walipatikana na virusi. Hata mbu dume, ambaye hanywi damu kamwe maishani mwake, alikutwa navyo.

Waliokuwa wamevirithi wapi? Kutoka kwa mama yao, kupitia kwenye yai. Mbu huyu wa mafuriko hatagi mayai yake juu ya maji kama yule wa malaria. Huyataga kwenye udongo wenye unyevu kando ya kidimbwi kinachokauka. Mayai hayo hukauka pamoja na udongo na hukaa hapo, yakiwa hai, kwa miaka. Mvua ya kawaida haiyafikii yote. Lakini ikija mvua kubwa ya kufurika na maji yakatulia pale kwa majuma kadhaa, mayai huanguliwa kwa pamoja. Mbu hutoka kama moshi, na wachache miongoni mwao wanazaliwa wakiwa tayari wana virusi. Basi ghala la Homa ya Bonde la Ufa liko ardhini, chini ya kwato za ng'ombe, ndani ya yai la mbu lisiloonekana kwa urahisi.

Sasa mfuate mbu huyo. Mnyama aliye karibu naye zaidi si binadamu. Ni kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia waliokuja kunywa maji na kulisha nyasi mpya. Mbu wachache wanawauma wanyama wachache. Ndani ya kondoo virusi huongezeka upesi sana, hadi tone dogo la damu yake linakuwa na virusi vingi mno. Hapo aina nyingine za mbu, wale wa kawaida wanaozaliana kwenye maji yaliyotuama, wanamnywa huyo kondoo damu na kusambaza virusi zizi hadi zizi. Kwa hiyo mifugo si ghala hasa katika ugonjwa huu. Mifugo ni kama chungu cha uji kilichotiwa chachu: kinachoingia ni kidogo, kinachofurika ni kikubwa. Bila mifugo, virusi vingebaki pale bondeni na mbu wake. Kwa kupitia mifugo, vinafika mlangoni kwetu.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1997. Mvua za El Nino zilianza Oktoba na hazikukatika. Wilaya ya Garissa na sehemu za kusini mwa Somalia, nchi kavu kabisa, ziligeuka kuwa maziwa. Barabara zilikatika, na watu pamoja na mifugo yao wakabanana kwenye miinuko michache iliyobaki mikavu. Ilipofika Desemba, vifo 170 vya watu waliokuwa na homa ya kutoka damu vilikuwa vimeripotiwa Garissa. Maabara ilithibitisha kwamba Homa ya Bonde la Ufa ilikuwepo.

Watafiti walipowapima wakazi damu, walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 katika wilaya hiyo moja walikuwa wameambukizwa. Wengi wao waliugua homa ya kawaida wakapona bila kujua jina lake. Kisha watafiti wakauliza: ni nani aliyeambukizwa zaidi kuliko jirani yake? Majibu mawili yalijitokeza wazi. La kwanza, ni yule aliyegusa damu au majimaji ya mwili wa kondoo. La pili, ni yule aliyewalaza mifugo ndani ya nyumba anamolala yeye.

Msikilizaji, fikiria majibu hayo kwa makini, kwa maana yanatuonyesha mlango hasa ambamo virusi huvuka. Mtu anaweza kuambukizwa kwa kuumwa na mbu, ndiyo. Lakini wengi huambukizwa kwa mikono yao wenyewe, wakati wa kazi za kila siku. Ni mama anayemsaidia kondoo kuzaa mwana aliyekufa. Ni kijana anayeburuta mzoga kuutoa zizini. Ni baba anayemchinja haraka mnyama aliyedhoofika ili nyama isipotee. Virusi huingia kwenye mkwaruzo mdogo wa ngozi, au kwenye macho, pua na mdomo damu inaporuka. Na tendo la huruma, la kumwingiza mwana-mbuzi ndani ili asinyeshewe, linamleta mnyama, mbu na mtoto katika chumba kimoja.

Miaka tisa baadaye mvua kubwa zilirudi. Safari hii wanasayansi hawakushtukizwa. Walikuwa wamegundua kwamba bahari ya Hindi na Pasifiki zikipata joto kupita kawaida, na picha za setilaiti zikionyesha nyasi zimeota kijani mahali pakavu, hatari ya ugonjwa inaweza kujulikana miezi kadhaa kabla. Mnamo Novemba 2006 shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo lilitoa onyo kwa nchi za Afrika Mashariki. Hata hivyo, onyo lililoandikwa ofisini lilichelewa kufika zizini. Chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, wakati watu walikuwa wameshaanza kufa. Kufikia Machi wagonjwa zaidi ya 600 walikuwa wamehesabiwa nchini, na zaidi ya 150 kati yao walikuwa wamefariki. Ugonjwa ulianzia Garissa, ukaenda Tana River na pwani, ukafika hata Baringo.

Lakini kulikuwa na watu walioutambua mapema kuliko ofisi zote. Ni wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki. Wao wana jina lao la ugonjwa huu kwa mifugo, sandik, maana yake pua inayotoka damu. Waliukumbuka kutoka 1997. Walipoona mawingu ya mbu na wanyama wanaotokwa damu na povu puani, walijua kinachokuja, kabla ya daktari wa mifugo au wa binadamu kuandika ripoti.

Baadaye watafiti walikaa na wafugaji hao wakahesabu siku pamoja nao. Hesabu waliyopata inafaa kila mama aijue. Tangu mvua kubwa kuanza hadi mbu kutokea kwa wingi zilipita, kwa wastani, siku 24. Tangu mbu hao kutokea hadi mnyama wa kwanza kuugua, siku 17. Na tangu mnyama wa kwanza kuugua hadi mtu wa kwanza kuugua, siku 18 hivi.

Tuseme, kwa mfano, mvua kubwa ya kufurika imeanza kwenu tarehe 1 Novemba. Mbu wa mafuriko utawatazamia karibu tarehe 25 Novemba. Mimba za kondoo zitaanza kutoka karibu tarehe 12 Desemba. Na mtu wa kwanza ataugua karibu tarehe 30 Desemba. Bila shaka hizo ni siku za wastani; mahali pengine huwa mapema, pengine huchelewa. Lakini maana yake ni kwamba mifugo hutangulia kuugua kwa majuma mawili au matatu hivi. Mnyama ndiye anayepiga mbiu. Anayesubiri mpaka mtu augue ndipo atoe taarifa, amesubiri kupita kiasi.

Je, mbiu hiyo inasikikaje? Kondoo mmoja kutupa mimba si ajabu. Kuna magonjwa mengine mengi yanayoharibu mimba za mifugo. Dalili ya Homa ya Bonde la Ufa ni mambo matatu yanayokuja pamoja: mvua imekuwa kubwa na mbu wamekuwa wengi kupita kawaida, kondoo na mbuzi wengi wanatupa mimba kwa wakati mmoja, zilizo changa na zilizokomaa, na wana-kondoo na wana-mbuzi waliozaliwa karibuni wanakufa upesi, karibu wote. Mambo hayo matatu yakikutana kijijini, mwite afisa wa mifugo au mpashe habari chifu siku hiyo hiyo.

Na wakati unapomngoja, usiguse kilichotupwa kwa mikono mitupu. Mimba iliyotoka na kondo lake la nyuma vimejaa virusi. Katika mlipuko wa 2006 na 2007, watu walioshika mimba za wanyama zilizotoka walikuwa hatarini zaidi kuugua vibaya. Vaa glavu. Ukizikosa, vaa mifuko ya plastiki isiyotoboka mikononi, na utumie jembe au koleo kusukuma. Chimba shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua, zika, kisha nawa kwa sabuni na maji mengi. Usimwachie mtoto kazi hiyo. Na ikiwa wewe ni mja mzito, mwombe mtu mwingine aifanye. Uchunguzi uliofanywa kwa wajawazito huko Port Sudan katika miaka ya 2011 na 2012 ulionyesha kwamba wale walioambukizwa Homa ya Bonde la Ufa walipoteza mimba mara nyingi zaidi kuliko wajawazito wengine waliokuwa na homa. Yanayompata kondoo yanaweza kumpata mama pia.

Mnyama mgonjwa asichinjwe. Tunajua jambo hili ni gumu. Mnyama ni karo ya shule, na kumwacha afe na kumzika ni hasara mara mbili. Lakini katika mlipuko ule ule, kushika au kula mazao ya mnyama mgonjwa kulihusishwa na kuugua na hata na kufa. Hatari kubwa iko kwenye kuchinja, kuchuna na kukatakata, wakati damu ni mbichi. Kwa upande wa chakula, moto ndio unaoua virusi. Nyama iliyokaguliwa na kuiva hadi ndani haina hatari, na maziwa yaliyochemka mpaka yakafura hayana hatari. Wakati wa mafuriko, maziwa mabichi na damu mbichi zisitumiwe, hata kama ni desturi ya nyumba. Ndiyo sababu mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku kuchinja na kusafirisha mifugo katika wilaya zilizoathirika. Wengine walidhani nyama yote ya nchi ilikuwa sumu, wakaacha kuila hata iliyopikwa vizuri, huku watoto wa wafugaji wakiendelea kushika mizoga. Woga ulikwenda mahali pasipo na hatari, na hatari ikabaki mahali pasipo na woga.

Sasa, ugonjwa huu ukimpata mtu unaonekanaje? Baada ya siku 2 hadi 6 tangu kuambukizwa, homa huja ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa, misuli na mgongo. Mama atadhani ni malaria, na si kosa lake, maana dalili zinafanana na wakati wa mvua malaria nayo huwa nyingi. Watu wengi hupona katika muda wa juma moja. Lakini wachache hupatwa na mojawapo ya mambo matatu mabaya. Wengine macho huingia ukungu, juma moja hadi matatu baada ya dalili za kwanza, na baadhi yao hupofuka. Wengine ubongo hushambuliwa, wakachanganyikiwa au kupata degedege. Na wachache kabisa, chini ya mmoja katika mia, huanza kutoka damu: kwenye ufizi, puani, kwenye matapishi au choo. Katika hao wanaotoka damu, karibu nusu hufa.

Kwa hiyo unapompeleka mgonjwa kituo cha afya wakati wa mafuriko, usiseme tu kwamba ana homa. Sema pia, bila kuulizwa: kondoo wetu wametupa mimba; huyu alimchinja mbuzi mgonjwa juma lililopita; huyu hunywa maziwa yasiyochemshwa. Maneno hayo machache yanaweza kumfanya muuguzi achukue damu ipelekwe maabara, badala ya kukupa dawa za malaria kwa mara ya tatu. Hakuna dawa maalumu ya kuua virusi hivi. Mgonjwa husaidiwa kwa maji, kwa kuangaliwa damu yake, figo na ini, na msaada huo hufaa zaidi ukianza mapema. Usimpe aspirini nyumbani, kwa sababu huzidisha kutoka damu. Na usimkimbie mgonjwa wako: haijapata kuonekana Homa ya Bonde la Ufa ikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa kumhudumia, isipokuwa wanaoshughulika na damu lazima wajikinge.

Kuna chanjo ya mifugo, lakini ina wakati wake. Inafaa kabla ya mvua kubwa, au mbali na mahali palipo na ugonjwa. Ugonjwa ukishaingia zizini, kuwadunga wanyama sindano moja baada ya mwingine kunaweza kuuhamisha ugonjwa kutoka kwa mnyama hadi mnyama. Chanjo ya zamani pia iliweza kuharibu mimba za kondoo, na ndiyo maana baadhi ya wafugaji waliikwepa. Muulize afisa wa mifugo ni chanjo gani na kondoo wenye mimba wafanyweje, kabla zizi lote halijapangwa foleni.

Ugonjwa ulirudi tena mwaka 2018, mara hii Wajir, baada ya mvua kubwa. Na utarudi tena, kwa sababu mayai yako ardhini, na hatuna jembe la kuyachimbua yote. Hatuwezi kuliondoa ghala. Tunachoweza ni kuujua mlango wake: mikono mitupu, damu mbichi, maziwa yasiyochemshwa, na mnyama aliyelazwa chumba kimoja na watoto.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu:

Hapa kwetu, ni mabonde yapi hujaa maji mvua inapokuwa kubwa, na mifugo ya nani hulisha karibu nayo?

Kondoo anapotupa mimba nyumbani kwenu, ni nani huwa anaisafisha, na kwa kutumia nini?

Mifugo ya kijiji ikianza kutupa mimba kwa wingi leo usiku, kesho asubuhi tutampasha nani habari, na tutamfikiaje barabara ikiwa imekatika?